Asilimia 95 Ni ya Njia, Si ya Jibu

Tuseme mwandishi wa tasnifu amehoji kaya 400 za mji mmoja, zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, na 240 zinapikia mkaa. Hiyo ni asilimia 60. Anaongeza kuwa masafa ya uhakika ya asilimia 95 ni kuanzia 55.2 hadi 64.8. Wasomaji wengi huelewa kwamba uwezekano wa kiwango halisi kuwamo humo ni asilimia 95. Sivyo.

Kiwango halisi cha mji hakijulikani, lakini hakibadiliki. Masafa yakishapatikana, ama kimo ama hakimo. Kinachobadilika ni sampuli: ukihoji kaya nyingine 400, utapata masafa mengine. Jerzy Neyman, aliyefafanua njia hii mwaka 1937, aliahidi kwamba utafiti ukirudiwa mara nyingi, takriban masafa 95 katika kila 100 yatanasa kiwango halisi. Kama haya ya kwako ni miongoni mwa yaliyonasa, hesabu haisemi.

Ahadi hiyo huvunjika sampuli ikiwa na upendeleo. Ukihoji kaya zilizo karibu na soko la mkaa tu, masafa yanaweza kuwa membamba na bado yakakosa ukweli. Kwa hiyo, kabla ya kuamini namba hizo, soma kwanza jinsi kaya zilivyochaguliwa.