Tiketi ya basi mtandaoni: kwa nini asiyeona hukwama katika fomu, na namna ya kuirekebisha

Anayeona hujaza fomu ya kukata tiketi ya basi kwa dakika chache. Asiyeona anaweza kukwama katika fomu hiyohiyo hata kama ni mzoefu wa kompyuta. Aghalabu chanzo ni makosa machache ya uundaji wa ukurasa, na makosa hayo hurekebishwa bila ya kuujenga ukurasa upya.

Uganda na Rwanda zilijiunga mwaka 2008 na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 9 kinazitaka nchi wanachama kuwawezesha watu hao kuzifikia huduma za habari na mawasiliano, mtandao wa intaneti ukiwemo. Swali linalobaki ni la kiufundi: ni nini hasa kinachopaswa kubadilishwa katika ukurasa ambao tayari unatumika?

Programu za kusoma skrini hugeuza maandishi kuwa sauti. Kwenye kompyuta za Windows wengi hutumia NVDA, ambayo hutolewa bure, au JAWS, ambayo hununuliwa. Simu nyingi za Android huja na TalkBack, na za iPhone huja na VoiceOver. Programu hizi haziutazami ukurasa kama jicho linavyoutazama. Hutegemea msimbo wa HTML uliouunda, na jambo ambalo msimbo haukulitaja huenda lisisikike kabisa.

Tuchukue mfano wa kubuni wa fomu ya kampuni ya mabasi yanayosafiri kati ya Kampala na Kigali. Fomu hiyo inauliza mahali pa kuondokea, mahali pa kwenda, tarehe, jina na namba ya simu. Mwisho kuna kitufe cha kulipa.

Kisanduku kisicho na jina

Abiria asiyeona huhama kutoka kisanduku kimoja hadi kingine kwa kubonyeza kitufe cha Tab. Anapofika mahali pa kuandika namba ya simu, husikia tu kwamba hapo ni sehemu ya kuandika na kwamba ni tupu. Haambiwi aandike nini. Anayeona husoma maneno "Namba ya simu" juu ya kisanduku, lakini msimbo haukuyaunganisha maneno hayo na kisanduku chenyewe:

```html
<p>Namba ya simu</p>
<input type="tel" name="simu">
```

Tiba yake ni lebo halisi, ambayo neno lake la `for` linalingana na `id` ya kisanduku:

```html
<label for="simu">Namba ya simu</label>
<input type="tel" id="simu" name="simu">
```

Kuna njia rahisi ya kuhakikisha: bofya maneno "Namba ya simu" kwa kipanya. Iwapo mshale wa kuandikia unaruka na kuingia kisandukuni, lebo imeshika. Usipoingia, au ukiingia katika kisanduku kingine, kuna kosa. Kosa la namna hii hutokea mara nyingi pale mtengenezaji anaponakili mistari na kusahau kubadilisha `id`, hata visanduku viwili vikawa na utambulisho mmoja.

Wengine huandika maelekezo kwa rangi hafifu ndani ya kisanduku, wakidhani yanatosha kuwa lebo. Baadhi ya programu huyasoma, lakini kwa anayeona hutoweka mara herufi ya kwanza inapochapwa, na aliyekatizwa katikati ya kazi hana pa kuangalia tena. Vitufe vyenye alama pekee, kwa mfano ile ya kioo cha kukuzia, navyo huhitaji jina: `aria-label="Tafuta basi"`.

Lugha nayo isisahauliwe. Ukurasa wa Kiswahili ulioandikwa `lang="en"` mwanzoni unaweza kusomwa kwa matamshi ya Kiingereza, na hata lebo nzuri zikawa hazieleweki. Panapaswa kuandikwa `<html lang="sw">`.

Kulipa kabla ya kuchagua safari

Lebo zikishakamilika, hubaki suala la mfuatano. Katika fomu yetu, mtengenezaji alitaka kitufe cha "Lipa" kifikiwe haraka, akakipa `tabindex="1"`. Matokeo yake ni kwamba Tab ya kwanza humpeleka abiria kwenye malipo, kabla hajachagua safari wala kuandika jina lake. Hii ni kwa sababu kila kitu chenye `tabindex` iliyo kubwa kuliko 0 hutangulia vingine vyote ukurasani, popote kilipowekwa.

Namba hizo ziondolewe. Kisha HTML yenyewe iandikwe kwa mfuatano wa safari: kutoka, kwenda, tarehe, jina, simu, na malipo mwishoni. Mpangilio wa CSS unaweza kuhamisha kisanduku kutoka kulia kwenda kushoto machoni pa mtazamaji, lakini hauubadilishi mfuatano ambao Tab huufuata.

Kasoro nyingine ni kitufe kilichoundwa kwa `<div>` badala ya `<button>`. Kwa kipanya hufanya kazi. Kwa Tab hakifikiwi kamwe. Tena wapo wanaoandika `outline: none` ili kuondoa mstari unaozunguka sehemu iliyochaguliwa, wakiuona unaharibu sura ya ukurasa. Mwenye uoni hafifu anayetumia kibodi hupoteza hapo alama pekee ya kumwonyesha mahali alipo.

Rangi zinazofifia

Huenda msomaji akauliza rangi zinamhusu vipi asiyeona. Wengi wanaotumia programu hizi wana uoni kiasi: husikiliza huku wakitazama. Kipimo ni uwiano wa mwangaza kati ya maandishi na usuli wake, unaoanzia 1:1, pale rangi zinapolingana, hadi 21:1 kwa nyeusi juu ya nyeupe. Mwongozo wa kimataifa wa WCAG, katika kiwango cha AA, unataka angalau 4.5:1 kwa maandishi ya kawaida na 3:1 kwa maandishi makubwa.

Maelekezo ya fomu yetu yameandikwa kwa kijivu `#999999` juu ya nyeupe, yaani takriban 2.8:1, na hivyo hayafikii kiwango. Kijivu cha `#595959` hufika 7:1, na sura ya ukurasa haibadiliki sana. Kitufe cha "Lipa" kina herufi nyeupe juu ya manjano `#FFC107`, ambayo ni 1.6:1 tu. Hapa hakuna haja ya kuiacha rangi ya kampuni: herufi zikifanywa nyeusi, uwiano huvuka 12:1.

Aidha, rangi isiachwe ibebe ujumbe peke yake. Abiria akikosea namba, fomu hii hugeuza mpaka wa kisanduku kuwa mwekundu, jambo ambalo halisikiki. Kosa liandikwe kwa maneno, na maneno hayo yaunganishwe na kisanduku kwa `aria-describedby`, ili yasomwe pamoja na lebo yake.

Majaribio

Vipimo vya kiotomatiki, kama Lighthouse iliyomo ndani ya kivinjari cha Chrome, hugundua kisanduku kisicho na lebo na rangi nyingi zilizofifia. Haviwezi kujua kama lebo iliyopo ni sahihi. Kisanduku cha simu kilichoandikwa "Jina" hupita bila ya kulalamikiwa.

Kwa hiyo kipanya kiwekwe kando, NVDA iwashwe, skrini izimwe, na tiketi ikatwe kuanzia mwanzo hadi mwisho. Baada ya hapo aombwe mtu anayetumia programu hiyo kila siku afanye vivyo hivyo, bila ya kuelekezwa. Pale atakaposita ndipo penye kazi iliyobaki.