Sentensi fupi, mkataba uliovurugika

Mwaka 1948 Rudolf Flesch alitoa kanuni ya kupima wepesi wa maandishi ya Kiingereza. Huangalia mambo mawili tu: wastani wa maneno katika sentensi na wastani wa silabi katika neno. Alama zikikaribia 100, maandishi ni mepesi. Zikikaribia sifuri, ni mazito.

Ijaribu kwenye sentensi hii: "Mpangaji atalipa kodi kila mwezi." Ina maneno matano na silabi 14, na kanuni inaipa takribani hasi 35, eti ni nzito kuliko nzito, ingawa mtoto wa shule ya msingi anaielewa. Kitenzi cha Kiswahili hubeba nafsi, wakati na kitendo kwa pamoja, kwa hiyo silabi zake ni nyingi. Ndiyo maana mhariri anaweza kushawishika kuacha silabi na kubaki na kipimo kimoja, urefu wa sentensi. Hapo ndipo mtego ulipo.

Chukua kifungu hiki cha mkataba wa pango: "Mwenye nyumba anaweza kuvunja mkataba huu iwapo mpangaji hatalipa kodi kwa miezi miwili mfululizo, isipokuwa kama alimpa mwenye nyumba taarifa ya maandishi kabla ya tarehe ya malipo." Maneno 27 katika sentensi moja. Mhariri anayefukuzia alama anakikata hivi: "Mwenye nyumba anaweza kuvunja mkataba huu. Mpangaji asipolipa kodi kwa miezi miwili mfululizo, atakuwa amekiuka mkataba. Mpangaji anaweza kutoa taarifa ya maandishi kabla ya tarehe ya malipo."

Wastani umeshuka hadi maneno tisa, lakini angalia kilichopotea. Sasa mwenye nyumba anaweza kuvunja mkataba hata bila sababu, na ile taarifa haimkingi mpangaji na lolote. Maneno "iwapo" na "isipokuwa" ndiyo yaliyobeba haki yake, na ndiyo yaliyokatwa kwanza. Kipimo hakiwezi kuliona hilo, kwa kuwa kinahesabu maneno tu.

Kukata kunawezekana, ila kila kipande kibaki na sharti lake: "Mpangaji asipolipa kodi kwa miezi miwili mfululizo, mwenye nyumba anaweza kuvunja mkataba huu. Hataweza kuuvunja ikiwa mpangaji alimpa taarifa ya maandishi kabla ya tarehe ya malipo." Wastani ni 13, mbaya kuliko tisa kwa hesabu, na ndiyo tafsiri ningeitia saini.

Kwa hiyo kipimo kikuonyeshe sentensi za kutazamwa, halafu kiweke pembeni. Baada ya kukata, mpe mtu asiyeujua mkataba swali moja: mpangaji hajalipa miezi miwili lakini alitoa taarifa mapema, je, mkataba wake unaweza kuvunjwa? Akijibu ndiyo, rudisha sentensi ndefu.