Herufi Nne za Ratiba ya Mazoezi

Mwambie mwanafunzi apange mazoezi yake ya wiki, naye ataandika: Jumatatu kukimbia, Jumanne mpira, Jumatano kuruka kamba. Hapo ametaja mazoezi tu, hajasema kiasi. Kanuni ya FITT, inayofundishwa kwenye somo la michezo, humtaka ajibu maswali manne: mara ngapi kwa wiki (F), kwa ukali gani (I), kwa muda gani (T ya kwanza) na zoezi la aina gani (T ya pili).

Tuchukue binti wa kidato cha pili, miaka 15, tumwite Neema. Anatembea dakika 20 kwenda shule na 20 kurudi, na anataka aweze kukimbia kilomita 3 bila kusimama. Lengo hilo limeshamaliza swali la aina: atakimbia. Siku mbili ataongeza mazoezi ya nguvu, yaani kuchuchumaa na kuinuka pamoja na pushapu, maana miguu na kiwiliwili dhaifu huchoka kabla ya pumzi.

Mara ngapi? Akimbie Jumatatu, Jumatano na Jumamosi. Mazoezi ya nguvu yawe Jumanne na Ijumaa, na siku mbili zilizobaki apumzike. Asikimbie siku mbili mfululizo, kwa sababu mwili hujijenga wakati wa kupumzika, na mifupa ya miguu huzoea mshindo polepole kuliko moyo na mapafu. Muda uwe dakika 20 kwa siku ya kukimbia: dakika 3 mbio, dakika 1 kutembea, mizunguko mitano. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kujishughulisha kwa siku. Neema akienda shule kwa mwendo wa haraka, siku ya Jumatatu tayari amezifikisha. Akijikokota na wenzake wakipiga soga, dakika hizo 40 hazihesabiki.

Wengi huharibu kwenye ukali. Mwanafunzi hutoka kila siku kama anakimbilia medali, wiki ya pili miguu inauma, ya tatu ameacha. Kipimo kinachofundishwa darasani ni mapigo ya moyo: 220 toa umri. Kwa Neema ni 205, na mazoezi ya wastani yakiwa kati ya asilimia 60 na 75, anapata mapigo 123 hadi 154 kwa dakika. Akisimama tu, aweke vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, ahesabu kwa sekunde 15 kisha azidishe kwa nne. Akipata kati ya 31 na 38 kabla ya kuzidisha, yuko mahali pake.

Ila 220 hiyo ni makisio. Watu wawili wa umri mmoja wanaweza kupishana kwa mapigo kumi na zaidi, kwa hiyo mimi namwamini zaidi mdomo kuliko hesabu. Akiweza kusema sentensi nzima huku anakimbia, ukali ni wa wastani. Akitoa maneno mawili matatu halafu ahemee, amepita kiasi, na apunguze mwendo hata kama jirani anamcheka. Wakimbiaji wa Iten, Kenya, wenye medali zao, siku za mazoezi mepesi hutoka kwa mwendo ambao hata mgeni angeufuata kwa muda.

Wiki ya pili aongeze mzunguko mmoja, Jumamosi peke yake. Ya tatu aongeze mwingine Jumatano. Ya nne arudi kwenye mitano yote, mwili upumue. Baada ya hapo ndipo arefushe mbio za kila mzunguko kutoka dakika 3 hadi 4, na hapo asiguse kitu kingine. Akibadilisha herufi mbili kwa mpigo kisha akaumia, hatajua ipi imemuumiza.

Maumivu nayo hayafanani. Misuli inayouma miguu yote miwili kesho yake na kupoa ndani ya siku mbili tatu ni ya kawaida. Lakini mfupa wa muundi ukiuma mahali pamoja unapoubonyeza kwa kidole, na maumivu yakizidi kadiri anavyokimbia, aache mbio na aende kituo cha afya. Akiwa na homa asifanye mazoezi kabisa.

Wiki za mitihani huwa ndizo kaburi la ratiba nyingi. Neema apunguze siku ziwe mbili, hata dakika ziwe 15, ila mwendo ubaki uleule. Mwili hutunza uwezo wake kwa wiki kadhaa za mazoezi machache, mradi ukali haujashuka.