Kabla kidole hakijateleza

Fundi simu amerekodi video nzuri ya sekunde 42. Mteja kaleta simu isiyochaji, fundi anaichungulia, anaizima, anachukua kijiti cha meno na kutoa kwenye tundu la chaji donge la vumbi na nyuzi za mfukoni. Simu inachaji. Kazi safi, somo lenye faida, lakini waliofika mwisho ni wachache mno. Kabla ya kuilaumu mada, au ile "algorithm" inayobebeshwa kila lawama, tuitazame video yenyewe.

Sekunde mbili za mwanzo ni nembo inayozunguka. Saba zinazofuata ni salamu: habari zenu wapenzi watazamaji, karibuni tena kwenye chaneli yetu, usisahau kusabskraibu. Kisha inakuja hadithi ya mteja hadi sekunde ya 14. Donge linatoka sekunde ya 21. Kwetu kuingia bila salamu ni utovu wa adabu, na ndiyo maana mazoea haya ni magumu kuyaacha. Ila mtu anayepitisha video kwa kidole hajabisha hodi kwa fundi. Fundi ndiye aliyemtokea yeye kwenye kioo, tena bila kuitwa.

Hatua ya kwanza ni kufungua takwimu za video na kutafuta grafu inayoonyesha watazamaji waliobaki sekunde kwa sekunde. YouTube na TikTok zote zinayo. Angalia mstari unapoporomokea. Ukianguka ndani ya sekunde ya kwanza, aghalabu kosa liko kwenye picha: nembo, giza, au sura ya mtu ambaye bado hajaanza kusema. Ukiporomoka kati ya sekunde ya tatu na ya tisa, watu walivumilia picha, wakachoshwa na maneno. Hayo ni magonjwa mawili, na dawa zake si moja.

Sasa tukate. Nembo, salamu na hadithi ya mteja vyote vinaondoka. Kutoka sekunde ya 21 tunanakili kipande cha sekunde moja na nusu, donge likianza kuchomoza, tunakiweka mbele kabisa. Kikatwe kabla donge halijatoka lote. Mtazamaji akishaona limetoka, anasubiri nini tena? Juu ya picha hiyo fundi arekodi upya sentensi moja: "Simu haichaji? Usikimbilie kununua chaja." Sentensi ni ndefu kuliko kipande, na hiyo ni faida: sauti inaendelea juu ya picha inayofuata, waya unachomekwa na simu haiitiki, hivyo kiungo cha picha mbili hakishtui. Video imebaki na sekunde 30 hivi.

Wengi hutazama sauti ikiwa imezimwa, kwa hiyo maneno mawili ya sentensi hiyo, "Simu haichaji?", yaandikwe pia kwenye picha. Yasikae chini kabisa wala pembeni kulia, maana huko jina la akaunti, maelezo na vitufe vitayafunika.

Hariri kutoka kwenye faili la awali, si video iliyopakuliwa mtandaoni. Iliyopakuliwa imeshapungua ubora na huenda ina nembo ya mtandao. Kibaya zaidi, muziki umeshaganda ndani yake, kwa hiyo kila unapokata picha, wimbo nao unaruka na sikio linajua.

YouTube haikuruhusu kubadilisha faili chini ya kiungo kilekile, kwa hiyo toleo jipya litapandishwa kama video mpya. Kwenye Instagram, tangu mwishoni mwa 2024, baadhi ya akaunti zina Trial Reels: video inaonyeshwa kwanza kwa wasiokufuata, ukaona inavyopokelewa. Kwa jaribio kama hili, nadhani hao ni waamuzi wa haki kuliko wateja wako wa siku zote.

Ukilinganisha, usidanganywe na idadi ya watazamo. Tangu 31 Machi 2025, YouTube Shorts huhesabu kila mara video inapoanza kucheza au kurudiwa, hata kama mtu ameipita papo hapo. Tazama sehemu inayotenganisha waliobaki na waliotelezesha, kisha uirudie grafu, matoleo yote mawili yakiwa yamekaa hewani muda sawa.

Huenda ukakuta mstari sasa unaanza juu, halafu unaporomoka sekunde ya tano. Hapo mwanzo umefanya kazi yake na kilichofuata hakikulingana na ulichoahidi: labda hadithi ya mteja imerudishwa kwa mlango wa nyuma, labda fundi anatafuta kijiti mezani. Usiuguse tena mwanzo. Kata hapo kwenye sekunde ya tano.