MROUND inapogoma mbele ya namba hasi

Duka la nafaka la Dar es Salaam linalotumia mizani ya dijiti hufunga siku likiwa na hesabu mbili ambazo ni nadra kulingana. Mizani hupiga bei mpaka shilingi ya mwisho: mchele wa shilingi 2,800 kwa kilo, ukipimwa gramu 735, ni shilingi 2,058. Lakini hizo nane za mwisho hazina sarafu. Ndogo inayozunguka mikononi ni ya hamsini, basi muuzaji hupokea 2,050 na biashara inaendelea. Mteja mwingine atalipa kidogo zaidi ya alichopimiwa, mwingine atakosewa chenji, na jioni fedha za droo zitazidi au zitapungua.

Tuseme mwenye duka anaweka haya yote kwenye Excel. Safu ya B ni mauzo ya mizani, safu ya C ni fedha zilizohesabiwa, na safu ya D ni C kutoa B. Jumatatu mizani inasema 412,370 na droo ina 412,500, hivyo kuna ziada ya 130. Jumanne mizani inasema 388,630 na droo ina 388,550, yaani pungufu ya 80, inayoandikwa -80. Jumatano hesabu inalingana, sifuri. Alhamisi ni -1,275, na Ijumaa ni 340.

Kwa kuwa hakuna anayeweza kudaiwa wala kurudishiwa shilingi thelathini, anataka kila tofauti ikadiriwe hadi hamsini iliyo karibu. Excel ina kazi maalumu ya jambo hilo, MROUND, nayo hudai vitu viwili tu: namba yenyewe, na kiasi ambacho vigawe vyake ndivyo unavyovitaka.

```
=MROUND(D2,50)
```

Jumatatu inatoka 150, sawasawa. Anaivuta fomula kwenda chini, na Jumanne linajitokeza `#NUM!`. Jumatano ni 0, Alhamisi ni `#NUM!` tena, Ijumaa ni 350. Chini kabisa, kwenye jumla ya wiki, napo ni `#NUM!`, maana SUM ikikuta kosa hata kwenye seli moja hulirudisha kosa hilo hilo.

Wengi wakiona hivyo huanza kuipekua safu ya mauzo wakidhani kuna tarakimu iliyoingizwa vibaya. Tazama kwanza ni mistari gani iliyogoma. Ikiwa yote ina namba hasi na yenye namba chanya imepita salama, data haina tatizo. Hata jina la kosa linasaidia: seli yenye maandishi yanayofanana tu na namba, kwa mfano mtu ameandika neno “Sh” mbele ya tarakimu, ingeleta `#VALUE!`. Hii ya `#NUM!` inasema kwamba namba zimeeleweka, ila haziruhusiwi kukaa pamoja.

Kanuni iliyovunjwa ni fupi. MROUND hutaka namba na kigawe chake viwe na alama moja: vyote chanya au vyote hasi. Ukiipa -80 pamoja na 50 hukataa, na ukiipa 80 pamoja na -50 hukataa vilevile. Ikipewa -80 na -50 hujibu -100 bila shida. Sifuri haina alama, kwa hiyo Jumatano ilipita.

Kihesabu, katazo hili halina ulazima wowote. Vigawe vya hamsini havianzii sifuri. Vipo pia -50, -100, -150 na kuendelea, na yeyote akichora mstari wa namba ataona kwamba -80 iko hatua ishirini kutoka -100 na hatua thelathini kutoka -50. Jibu lipo na ni moja tu. Ni waliotunga kazi hii walioamua iwe hivyo, na Microsoft wanaitaja kanuni hiyo waziwazi kwenye maelezo yao. Mtumiaji hana budi kuifuata au kuizunguka, ila azunguke kwa njia iliyo salama.

Njia inayonitia hofu kuliko zote ni ile inayoonekana safi kuliko zote: kulifunika kosa kwa `IFERROR` na kuweka sifuri mahali pake. Jedwali linatulia na jumla inarudi. Lakini angalia imerudi na nini. Jumatatu 150, Ijumaa 350, siku nyingine zote sifuri: jumla ni ziada ya shilingi 500. Tofauti halisi ya wiki ni pungufu ya shilingi 885. Upungufu wote umefutwa, ziada zote zimebaki, na hakuna alama yoyote kwenye ukurasa inayomshtua msomaji. Wanaotumia `ABS` ili kuondoa alama ya hasi huharibu zaidi, kwa sababu pungufu ya 1,275 hugeuka kuwa ziada ya 1,300 na wiki hufungwa na ziada ya 1,900. Anayebadilisha 50 kuwa -50 hulihamisha kosa tu: sasa Jumanne inapita na Jumatatu inagoma.

Dawa ni kukiacha kigawe kichukue alama ya namba yenyewe. Kazi ya `SIGN` hurudisha 1 kwa namba chanya, -1 kwa namba hasi, na 0 kwa sifuri, hivyo:

```
=MROUND(D2,50*SIGN(D2))
```

Mstari wa Jumanne sasa ni -80 na -50, jibu -100. Jumatano kigawe kinakuwa sifuri, na MROUND hujibu 0, kama inavyotakiwa. Wiki nzima inasomeka 150, -100, 0, -1,300 na 350. Jumla ni -900.

Mimi mwenyewe hupendelea kuiacha MROUND kabisa na kugawanya kwanza, kukadiria hadi namba nzima, kisha kuzidisha:

```
=ROUND(D2/50,0)*50
```

Haijali alama, na anayeikuta mwaka kesho ataielewa bila kuelezwa. -80 kugawanya kwa 50 ni -1.6, inakuwa -2, mara 50 ni -100. Anayefunga hesabu Mombasa na kukadiria hadi shilingi tano aweke 5 mahali pote penye 50: -12 itatoka -10, na -13 itatoka -15.

Liangalie kwa makini lile la Alhamisi. -1,275 iko katikati kabisa ya -1,250 na -1,300, na fomula zote mbili zimechagua -1,300. Kwenye nusu kamili, Excel husogea mbali na sifuri, kwa hiyo ziada ya 1,275 nayo ingekuwa 1,300. Kwa droo ya duka ni sawa, maana ziada na pungufu hutendewa kwa kipimo kimoja. Ikiwa mmeafikiana dukani kwamba muuzaji asikatwe zaidi ya alichopungukiwa, basi mnachotaka si hamsini iliyo karibu, ni hamsini iliyo upande wa juu, na hiyo ni kazi ya `CEILING`. Kuanzia Excel 2010 yenyewe hukubali namba hasi pamoja na kigawe chanya: `=CEILING(-80,50)` hutoa -50. Lakini itazipandisha ziada pia, 130 kuwa 150 na 110 nayo kuwa 150, hivyo itumike kwenye mistari ya pungufu peke yake, na safu ya D ibaki kama ilivyo, na shilingi zake zote.