Dampa Inasema Imefunga, Joto Linakataa

Saa nane mchana, kompyuta ya chumba cha mitambo katika jengo moja la ofisi Dar es Salaam ilionyesha kuwa dampa ya hewa ya nje imefunguka asilimia 20, kama ilivyopangwa. Ghorofa ya nne watu walikuwa wanalalamika joto, na vali ya maji baridi ilikuwa wazi hadi mwisho. Fundi mwenzangu alitaka tukashushe joto la maji kwenye chila. Nikamwomba tusome kwanza namba tatu.

Mtambo wenyewe ni sanduku kubwa la bati. Ndani yake hewa inayorudi kutoka vyumbani hukutana na hewa mpya ya nje. Mchanganyiko huo hupita kwenye filta, hupozwa na koili ya maji baridi, kisha feni huusukuma vyumbani. Dampa ni pleti za bati, kama luva za dirisha, zinazogeuzwa na mota ndogo. Ndiyo inayoamua hewa ya nje iingie kiasi gani.

Anayechanganya maji ya kuoga kwenye ndoo anajua kuwa mchanganyiko hauwezi kuwa wa moto kuliko maji ya moto, wala wa baridi kuliko maji ya baridi. Hewa nayo ni hivyo hivyo. Nje kukiwa na nyuzi 32 na hewa inayorudi ikiwa 24, mchanganyiko kabla ya koili lazima uwe kati ya hizo mbili. Ukisoma 20, usiiguse dampa. Kagua vipimajoto, kwa sababu kimojawapo hakisemi kweli au kimefungwa mahali pasipo pake. Kanuni hii ni miongoni mwa 28 zinazojulikana kama APAR, zilizotokana na kazi ya taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, NIST.

Siku ile tulisoma nje 32, inayorudi 24, mchanganyiko 29.6. Kanuni ya kwanza ilipita. Ya pili inauliza: hewa ya nje ni sehemu gani ya mchanganyiko?

```
sehemu = (T_mchanganyiko - T_kurudi) / (T_nje - T_kurudi)
       = (29.6 - 24) / (32 - 24) = 0.70
```

Asilimia 70! Kama hewa ya nje ingekuwa asilimia 20 kweli, mchanganyiko ungekuwa karibu nyuzi 25.6. Tukaiamuru dampa ifunge kabisa, tukasubiri dakika kumi. Joto likabaki palepale. Tukaifungua yote, nalo halikubadilika. Hapo ndipo mwenzangu alipochukua tochi. Mkono wa mota ulikuwa unazunguka vizuri kabisa, lakini skrubu ya klampu ilikuwa imelegea, na shafti ya pleti haikutikisika. Ile 20 kwenye skrini ilikuwa amri iliyotumwa, si mahali pleti zilipo. Watu wengi huzichanganya hizo mbili, nami naona ndicho chanzo cha makosa mengi ya aina hii kukaa miezi bila kugunduliwa.

Na uharibifu ni mkubwa kuliko kipimajoto kinavyoonyesha. Hewa ya pwani imebeba mvuke mwingi, na koili hutumia sehemu kubwa ya nguvu zake kuugeuza kuwa maji kabla chumba hakijapoa.

Lakini kanuni hii inataka busara. Dampa iliyofunguka asilimia 20 si lazima ipitishe asilimia 20 ya hewa; pleti zikianza tu kufunguka, hewa inaweza kuingia kwa wingi. Kwa hiyo linganisha na vipimo ulivyoandika dampa ikiwa nzima, na usishtuke kwa tofauti ndogo. Tena angalia tofauti ya joto kati ya nje na ndani. Ikiwa ni nyuzi 8, kipimajoto cha mchanganyiko kikikosea nusu nyuzi, jibu linasogea takribani asilimia 6. Ikiwa ni nyuzi 2, kosa lilelile linasogeza asilimia 25. Alfajiri za Julai, nje na ndani vikikaribiana, kanuni inapaswa kunyamaza. Mimi huipa ruhusa ya kusema tofauti ikifika nyuzi 5 au 6, feni ikiwa inafanya kazi, na hali ikidumu nusu saa.

Kuna pia hewa isiyochanganyika: ya moto inapita juu, ya baridi chini, na kipimajoto cha nukta moja kinasoma mkondo mmoja tu. Hapo hufaa kile kirefu kama waya, kinachotandazwa kwa kona kona sandukuni kote ili kitoe wastani.

Tuliikaza skrubu, tukachora mstari wa rangi kutoka kwenye klampu hadi kwenye shafti, ili ikiteleza tena ionekane kwa macho. Kesho yake saa ileile, nje 32 na inayorudi 24, mchanganyiko ulisoma 26, na vali ya maji baridi ilikuwa imejirudisha yenyewe hadi asilimia 60.