Kukokotoa Mteremko wa Hasara ya Regresheni ya Lojistiki Ubaoni

Regresheni ya lojistiki ni hesabu ya kukadiria jibu ambalo ni moja kati ya mawili, ndiyo au siyo. Mfano mzuri ni kuchuja ujumbe wa simu wa matapeli, ule unaomtaka mtu atume pesa kwa namba asiyoijua. Hapa x ni idadi ya maneno ya kutiliwa shaka ndani ya ujumbe, na y ni 1 ikiwa ujumbe ni wa utapeli, 0 ikiwa ni wa kawaida. Namba mbili ndizo zinazorekebishwa: uzito w, unaozidishwa na x, na b, inayojumlishwa. Ili zirekebishwe, lazima ijulikane hasara inapanda au inashuka kwa kasi gani kila moja inapobadilika kidogo. Kasi hiyo ndiyo mteremko.

Kazi huanza kwa kuandika ubaoni mistari mitatu, kila mmoja ukitegemea uliotangulia:

```
z = wx + b
p = 1 / (1 + e^(-z))
L = -[ y ln p + (1 - y) ln(1 - p) ]
```

Mstari wa kwanza unatoa alama ya ujumbe, namba yoyote ile. Wa pili unaibana alama hiyo iwe uwezekano p, kati ya 0 na 1. Wa tatu ni hasara: ujumbe ukiwa wa utapeli inabaki -ln p tu, ambayo ni ndogo p ikikaribia 1 na kubwa mno p ikikaribia 0.

Kwa kuwa w inaifikia L kwa kupitia z na p, kanuni ya mnyororo inaruhusu kutafuta kasi ya kila hatua peke yake, kisha kuzidisha zote. Safari huanzia mwisho, kwenye hasara:

dL/dp = -y/p + (1 - y)/(1 - p)

Alama ya kujumlisha iliyo katikati ndiyo inayokosewa zaidi. Kasi ya ln(1 - p) ni -1/(1 - p), na alama hiyo ya kutoa inafutana na ile iliyo mbele ya mabano. Sehemu hizo mbili zikiwekwa juu ya asili moja, zinakuwa:

dL/dp = (p - y) / [p(1 - p)]

Hatua ya pili ni kutoka p hadi z. Kasi yake ni e^(-z) / (1 + e^(-z))^2. Sehemu hii inagawanyika kuwa 1/(1 + e^(-z)), ambayo ni p, mara e^(-z)/(1 + e^(-z)), ambayo ni 1 - p. Kwa hiyo:

dp/dz = p(1 - p)

Hatua ya tatu ni nyepesi: dz/dw ni x, na dz/db ni 1. Zote zikizidishwa, p(1 - p) ya juu inafutana na ya chini, na kinachobaki ni kifupi:

dL/dw = (p - y)x
dL/db = p - y

Mfutano huo una faida. Hasara ingekuwa nusu ya mraba wa p - y, kizidisho p(1 - p) kingebaki. Ujumbe wa utapeli uliopewa p ya 0.01 ungeleta p - y ya -0.99, lakini baada ya kuzidishwa ingekuwa takriban -0.0098. Kosa lingekuwa kubwa, marekebisho madogo mno.

Sasa w iwe 0.5, b iwe -1, na ujumbe wa utapeli uwe na maneno 2 ya kutiliwa shaka. Basi z ni 0, p ni 0.5, na hasara ni ln 2, yaani takriban 0.6931. Mteremko wa w ni (0.5 - 1) × 2 = -1, na wa b ni -0.5.

Jibu linapimwa kwa kuisogeza w kidogo huku b ikiachwa. Kwa w ya 0.51 hasara ni 0.6832, kwa 0.49 ni 0.7032. Tofauti, -0.0200, ikigawanywa kwa 0.02 inatoa -1, sawa na fomula. Ingetoka 1, alama ya kutoa ingekuwa imepotea njiani.

Ujumbe ukiwa mwingi, huchukuliwa wastani wa (p - y)x za ujumbe wote. Wastani huo ukiwekwa sawa na 0, kwa kawaida w haipatikani kwa fomula ya moja kwa moja, kwa sababu imefungwa ndani ya e^(-z). Ndiyo maana husogezwa hatua kwa hatua, kinyume na mteremko. Kwa hatua ya 0.1 katika mfano huu, w inakuwa 0.6 na b -0.95; p inapanda hadi 0.562, na hasara inashuka hadi 0.576.